Kila Jumapili Alfajiri Ninapanda Ngazi Zisizokwisha

Kwako mshauri,

Nina umri wa miaka 31 na ni karani wa hesabu katika kampuni moja ya Eneo la Viwanda. Ninaishi Pipeline, Embakasi, orofa ya sita, pamoja na mdogo wangu wa kike, katika jengo lisilo na lifti. Maji huyapata chini uani, kwa hivyo mimi huamka saa kumi na nusu alfajiri ili niteke mtungi wa lita 20 kabla foleni haijawa ndefu. Nikitoka kazini huenda mjini kwenye masomo ya jioni ya uhasibu ya CPA, hufika nyumbani saa tatu na nusu, na husoma hadi saa sita usiku. Jumamosi pia hufanya kazi hadi saa saba mchana, kisha ninasoma. Siku ya kulala ni Jumapili peke yake.

Kwa miezi mitatu sasa ninaota ndoto moja. Ninapanda ngazi za jengo linalofanana na letu, mtungi mkononi, lakini halina milango wala orofa, ni ngazi juu ya ngazi. Miguu huwa mizito kana kwamba nimefungwa mawe. Wakati mwingine ngazi hugeuka kuwa mlima, kama Mlima Kenya ninavyouona kutoka kwetu Nyeri, na kila nikidhani nimefika kileleni kinajitokeza kilele kingine. Huamka moyo ukinidunda, nimechoka kuliko nilivyolala. Ndoto hii huja alfajiri ya Jumapili, na mara moja ilikuja asubuhi ya sikukuu ya Mashujaa.

Mama anasema kupanda ni heri na kwamba ndoto ya alfajiri ya Jumapili haidanganyi. Mama mmoja kanisani anasema kuna mtu anayenizuia. Mwenzangu kazini alitafuta katika simu akanisomea kwamba ngazi zisizo na mwisho ni ishara ya kushindwa. Nimejiandikisha kufanya karatasi nne mwezi wa Desemba, na moja kati ya hizo nimeirudia mara mbili. Siku hizi hata ngazi za kweli zinanishinda. Nikifika orofa ya nne hulazimika kusimama, jambo ambalo halikuwapo mwaka jana. Je, ninaambiwa niendelee au niache?

Mchovu wa Pipeline

*

Binti yangu,

Katika barua yako yote, neno lililonifanya niweke kalamu chini ni Mashujaa. Kama ndoto hii ingekuwa na nadhiri na siku ya Jumapili, isingekuwa na sababu ya kukujia siku ya sikukuu ya taifa katikati ya juma. Kinachoziunganisha asubuhi hizo mbili ni kwamba hukuamka saa kumi na nusu. Uliachwa ulale, na ndoto ikapata nafasi.

Niruhusu nikueleze jinsi usiku ulivyopangwa, kwa sababu bila hilo mengine yote yatakuwa ya kubahatisha. Usingizi haufanani kutoka mwanzo hadi mwisho. Huenda kwa mizunguko, na kila mzunguko huchukua takriban dakika 90. Ndani ya kila mzunguko kuna kipindi cha usingizi mzito wa kuujenga mwili, kisha kipindi ambacho mboni za macho huchezacheza chini ya kope na ubongo hufanya kazi karibu kama wa mtu aliye macho. Hicho ndicho kipindi cha ndoto ndefu zenye visa. Mwanzoni mwa usiku usingizi mzito ndio unaotawala, na kipindi cha ndoto huwa kifupi, pengine dakika chache tu. Kadiri alfajiri inavyokaribia mambo hugeuka, na katika mizunguko ya mwisho ndoto inaweza kukaa nusu saa au zaidi. Anayelala saa sita na kuamka saa kumi na nusu hupata mizunguko mitatu, kisha king'ora cha simu hukata ile miwili ya mwisho, ambayo ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya ndoto zake.

Ubongo haulisahau deni hilo. Mtu aliyenyimwa usingizi wa ndoto kwa siku kadhaa, akipata usiku mmoja mrefu, huota kwa wingi na kwa nguvu kuliko kawaida. Wewe hunyimwa usiku sita mfululizo, kisha unalipwa kwa mkupuo Jumapili. Na kwa kuwa unaamka polepole, bila kushtuliwa na simu, mara nyingi unatokea katikati ya ndoto yenyewe ukiwa bado umeikumbuka. Huenda kati ya Jumatatu na Ijumaa pia unapanda ngazi zilezile kwa muda mfupi, ila huzikumbuki. Kwa hiyo mama yako ameona sawasawa kwamba Jumapili ina jambo. Jambo lenyewe ndilo tunalotofautiana.

Sasa ile miguu mizito. Katika kipindi cha ndoto, sehemu ya ubongo iliyo karibu na shingo huzima misuli ya mikono na miguu ili mtu asiinuke na kuigiza anachokiota. Amri ya kutembea hutolewa, lakini mguu haujibu. Wapo wataalamu wanaodhani kwamba ule uzito wa kutembea kama mtu aliye kwenye matope unatokana na hapo: ubongo unaagiza hatua na hauletewi habari kwamba hatua imepigwa. Mimi nalikubali kwa nusu tu, kwa sababu watu huota pia wakikimbia kwa wepesi na hata wakiruka angani, na misuli yao imezimwa vilevile. Nadhani uchovu ulioingia nao kitandani ndio unaochagua miguu iwe mizito badala ya kuwa na mbawa.

Kuhusu ngazi kutokwisha, maelezo yake ni imara zaidi. Wakati wa ndoto, sehemu ya mbele ya ubongo, ile tunayoitumia kupanga, kuhesabu na kukumbuka tulikotoka, hupunguza kazi sana. Ndiyo maana katika ndoto hukuwahi kujiuliza kwa nini jengo halina milango, wala hukufikiria kuketi, wala hukukumbuka kwamba umeshapanda orofa ngapi. Aliye macho hujua amefika kwa sababu anakumbuka alipoanzia na anahesabu. Aliyelala hana daftari hilo. Wahenga walisema hakuna refu lisilo na ncha, lakini waliyasema wakiwa macho. Kwa hiyo usichukue kukosekana kwa kilele kuwa ni habari za matokeo yako ya Desemba. Ndoto nyingi za juhudi, iwe ni kupanda, kutafuta choo, kukimbilia matatu au kuandika mtihani, hukatika kabla ya kukamilika, na wanaoziota hufaulu na kufeli kama watu wengine.

Limebaki swali la kwa nini ngazi na si kitu kingine. Profesa mmoja Mmarekani, Calvin Hall, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya simulizi za ndoto za watu wa kawaida kwa maelfu, akihesabu waliyoyaona, waliokuwa nao na walivyojisikia. Alichokipata ni jambo ambalo bibi zetu wasingeshangaa kulisikia: watu huota yale yanayowashughulisha mchana. Waislamu wa Pwani nao wana hadithi ya Mtume inayozigawa ndoto mafungu matatu, na fungu moja ni lile ambalo mtu huota aliyokuwa akijisemesha nafsini mwake. Wewe hupanda ngazi za kweli kila alfajiri ukiwa na maji. Unasomea mtihani uliogawanywa kwa ngazi, na ofisini huenda unangoja kupanda ngazi nyingine ya cheo. Katika lugha yetu mambo hayo yote matatu ni neno moja, na aliyelala haoni sababu ya kuyatenganisha.

Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna, aliona kupanda ngazi katika ndoto kuwa ni ishara ya tendo la ndoa. Ninadhani hakuwahi kuishi orofa ya sita bila lifti.

Kuhusu waliokutabiria, inasimuliwa kwamba watu wawili walimwendea Ibn Sirin wa Basra, bingwa wa kutabiri ndoto aliyefariki karibu mwaka 729, kila mmoja akisema ameota anaadhini. Mmoja alimwambia atakwenda kuhiji. Wa pili alimwambia ataiba na kukatwa mkono. Alipoulizwa mbona ndoto ni moja, alijibu kwamba aliwatazama wenyewe. Iwe kisa hicho ni cha kweli au kimepambwa, kinaonyesha kasoro ya ile orodha aliyoisoma mwenzako kwenye simu, ambayo imeandika kwamba ngazi ni kushindwa bila kujua ni nani anayepanda, amebeba nini na analala saa ngapi. Yule mama wa kanisani ninamheshimu, lakini ametafuta mtu wa kukuzuia mahali ambapo hapakuwa na mtu. Katika ndoto uliyonisimulia hamna mtu mwingine, hakuna anayekushika wala kukufunga. Kama anapenda mfano wa Maandiko, mkumbushe ngazi ya Yakobo katika Mwanzo sura ya 28. Waliokuwa wakipanda na kushuka ni malaika. Yakobo mwenyewe alikuwa amelala chini, jiwe kichwani, na ahadi akapewa papo hapo alipolala.

Mimi badala ya kuuliza ngazi ni ishara ya nini, huuliza ndoto imekibadilisha nini katika kile ambacho mtu anakijua akiwa macho. Jengo lenu la kweli lina milango, na kila orofa ina ile sehemu tambarare ambapo mtu huweka mtungi chini, akabadilisha mkono, akasalimiana na jirani. Ndoto yako imeyabakiza maji, imezibakiza ngazi, lakini imeufuta ule utambarare. Hilo ndilo lililonishtua, kwa sababu nilipoipitia ratiba uliyoniandikia nilikuta nayo haina mahali pa kuweka mtungi. Kazi inaingia katika darasa, darasa linaingia katika kitabu, kitabu kinaingia katika foleni ya maji. Karatasi uliyoirudia mara mbili bado imo mgongoni, na zimeongezwa tatu juu yake. Sisemi ndoto imekusudia kukufundisha hivyo. Ninasema ni picha ya kweli ya juma lako, na picha ya kweli inaweza kutumika hata kama aliyeichora hakukusudia.

Hebu tupige hesabu, kwa kuwa ndiyo kazi yako. Kuanzia Jumapili usiku hadi Ijumaa usiku unalala saa nne na nusu kila usiku, usiku sita, jumla saa 27. Tuseme Jumamosi usiku unalala saa tisa. Juma zima ni saa 36. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 kila usiku, yaani 49 kwa juma. Unapungukiwa na saa 13, na ile Jumapili unayoitegemea inarudisha mbili tu kati ya 15 zilizopotea. Hakuna mhasibu ambaye angeyapitisha mahesabu hayo.

Hasara yenyewe iko zaidi ya uchovu. Uliyoyasoma kabla ya kulala hayajakaa kichwani mpaka ubongo uyapange upya usingizini, na mtu aliyelala nusu usiku huamka na nusu ya kazi hiyo haijafanywa. Ninashuku kwamba karatasi uliyoirudia haikukushinda kwa ugumu wake. Jipime hivi: chukua mada uliyoisoma kati ya saa tano na saa sita usiku wa Jumanne, na Jumatano mchana jaribu kufanya swali lake moja bila kufungua kitabu. Fanya hivyo mara tatu kwa siku tofauti. Ukiona kwamba huwezi kuanza swali hata kwa mstari wa kwanza, basi ile saa ya mwisho ya usiku unaichoma kama mkaa wa chakula kilichokwisha kuiva.

Kwa hiyo swali lako la kuendelea au kuacha nalijibu kwa njia ya tatu. Usiache masomo. Punguza karatasi za Desemba kutoka nne hadi mbili, ile uliyoirudia ikiwa mojawapo, na hizo nyingine uzisukume kwenye msimu unaofuata. Najua ada inauma na najua una haraka ya kumaliza, lakini aliyefaulu karatasi mbili amezidi aliyezifanya nne akapata moja. Karatasi zikiwa mbili unaweza kufunga kitabu saa nne na nusu usiku na kuwa kitandani saa tano. Maji nayo myagawe: siku tatu ateke mdogo wako, siku tatu uteke wewe, au yatekwe jioni kama bomba la uani huwa wazi. Ukiamka saa kumi na moja na nusu utakuwa umelala saa sita na nusu. Bado hazitoshi, lakini maji yakitekwa jioni, kwa usiku sita umejirudishia saa 12 kwa juma, na hiyo ni karibu deni lote; mkigawana siku za alfajiri, ni saa 9.

Nikuonye mapema kuhusu jambo moja ili usikate tamaa. Ukianza kulala zaidi, kwa juma la kwanza au hata mawili ndoto zinaweza kuongezeka na kuwa kali zaidi, na zije hata siku za kazi, kwa sababu ubongo bado unajilipa. Wengi hufika hapo wakasema ushauri umeharibu mambo, wakarudi kwenye saa nne na nusu, na ndoto zikanyamaza kwa kuwa zimezimwa. Vumilia. Weka daftari karibu na mto na kila asubuhi andika mistari mitatu tu: ulilala na kuamka saa ngapi, uliota nini, na uliamka na hisia gani. Andika kabla ya kushika simu, kwa sababu ndoto hupotea ndani ya dakika chache. Baada ya siku 14 utaona wewe mwenyewe, bila mtabiri, kama ndoto inafuata siku ya juma au inafuata urefu wa usiku.

Sasa nije kwenye orofa ya nne, ambayo umeitaja mwishoni kama jambo dogo, na mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote. Hiyo si ndoto. Mwanamke wa miaka 31 anayepanda ngazi zilezile kila siku anapaswa kuziona nyepesi zaidi mwaka huu kuliko mwaka jana, kwa kuwa miguu huzoea. Akianza kusimama njiani, jambo la kwanza ninalolifikiria ni upungufu wa damu, hasa kama hedhi yako ni nzito au inakaa siku nyingi, jambo ambalo hukuniandikia na ambalo ningekuomba umwambie daktari bila haya. Damu ikipungua, oksijeni inayobebwa hupungua, moyo hulazimika kwenda mbio ili kufidia, na mwenye hali hiyo huchoka, hupumua kwa shida anapopanda na husikia moyo ukidunda hata akiwa kitandani. Huenda basi kwamba sehemu ya ule moyo unaokudunda alfajiri haitokani na ndoto. Inawezekana moyo ndio unaoipa ndoto kazi ya kupanda.

Nenda kliniki ukapimwe kiwango cha himoglobini. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa kuwa upungufu, na kwa watu wanaoishi juu kama Nairobi, ambayo iko takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kiwango kinachotarajiwa ni cha juu kidogo kuliko hicho. Kwa hiyo ukipata 12 na kidogo, usiridhike upesi. Omba wapime pia akiba ya madini ya chuma mwilini, ambayo huisha kabla damu yenyewe haijaonyesha kasoro. Usijinunulie vidonge kabla ya kipimo, kwa sababu vitaficha kile ambacho daktari anakitafuta. Wakati unangoja majibu, chai ya rangi au ya maziwa uinywe saa moja au zaidi baada ya chakula, si pamoja nacho, kwani majani ya chai huzuia chuma cha maharagwe na sukuma wiki kuingia mwilini. Kama kuna maumivu ya kifua, au miguu inavimba, au unapumua kwa shida hata ukiwa umeketi, usingoje nafasi ya Jumamosi, nenda siku hiyohiyo.

Muulize pia mdogo wako kama unakoroma na kama kuna wakati pumzi hukatika kisha ukashtuka kwa mkoromo mkubwa. Watu ambao njia yao ya hewa huziba wakiwa usingizini huamka wamechoka, na kuziba huko mara nyingi huzidi katika kile kipindi cha ndoto cha alfajiri. Kama jibu ni hapana, tuliache.

Ukishapanga usingizi na kupimwa damu, na ndoto bado ikaendelea kukuamsha, ipo njia moja iliyojaribiwa ambayo unaweza kuifanya mwenyewe. Mwaka 2001 daktari Barry Krakow na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya kuitumia kwa wanawake waliokuwa wakiteswa na ndoto za kutisha baada ya kudhulumiwa kingono, na ndoto zao zilipungua. Mtu huandika ndoto yake akiwa macho, mchana, kisha huibadilisha apendavyo, halafu huipitia ile mpya akilini kwa dakika 10 hadi 20 kila siku, akiiona kama anavyoona mambo ya kweli. Haipiti ile ya zamani tena. Mazoezi hayo huendelea kwa majuma kadhaa, na hayalengi kuizuia ndoto isije, bali kuizoesha akili njia nyingine ya kufuata inapofika mahali palepale.

Wengi hukosea katika kuibadilisha. Wewe kwa tabia yako, nikikusoma vizuri, utaandika kwamba hatimaye umefika juu kabisa na ukapewa cheti. Sikushauri hivyo. Hilo litakupa sababu nyingine ya kuharakisha, na akili iliyolala ni hodari wa kuongeza kilele nyuma ya kilele, kama ulivyoona. Badilisha kitu kidogo kilicho karibu. Kwa mfano: unapanda, unafika orofa ya pili, pana sakafu tambarare na dirisha. Unauweka mtungi chini, unasikia ukigusa saruji, unanyoosha vidole. Mlango mmoja unafunguka, jirani anatoka na ndoo tupu, mnasalimiana, unamgawia maji kidogo. Mtungi ni mwepesi zaidi. Unakaa hapo hadi pumzi irudi, na hadithi inaishia hapohapo. Mlima nao ufanye vivyo hivyo. Wanaopanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon hulala kwanza kambi ya Old Moses, karibu mita 3,300, kisha ya Shipton, karibu mita 4,200, ndipo wakaijaribu Lenana yenye mita 4,985 alfajiri. Na wengi hawafiki Batian ya mita 5,199 wala hawakuwa na nia ya kufika, kwa sababu kule kunataka kamba na ufundi wa kukwea miamba. Anayepandishwa haraka akaumwa kichwa na kutapika, dawa yake ya kwanza ni kushushwa. Katika ndoto yako mpya, tia kambi moja na blanketi.

Njia hii ina mpaka wake. Kama ngazi hizo zingekuwa za mahali ambapo uliwahi kushambuliwa, ningekutaka uifanye na mshauri aliyefunzwa, si peke yako usiku. Na ikiwa uchovu huu unakufikisha mahali pa kuona kwamba heri usingekuwapo, acha yote niliyoyaandika hapa na umwendee daktari leo, ukiongozana na mdogo wako.

Mama yako usibishane naye. Mwambie kwamba umeipokea heri ya kupanda, ila umeshauriwa uipokee ukiwa umelala vya kutosha. Akikumbusha kwamba Jumapili haidanganyi, mwonyeshe ile siku ya Mashujaa kwenye daftari lako.

Na huo mtungi wa lita 20, ubadilishe kwa miwili ya lita 10, mmoja kila mkono, na uiweke chini kila orofa hata kama hujachoka.